Hali ya hatari Kenya: kwa nini jibu ni C na si haki ya kuishi?

Wakili_Mtarajiwa

Wakuu, salaam. Kwenye kikundi chetu cha kujisomea tumegombania swali moja tangu jana na kila mtu ana lake. Naliweka hapa kama lilivyo:

*Rais ametangaza hali ya hatari kwa mujibu wa Kifungu cha 58 cha Katiba ya Kenya. Ni haki ipi kati ya hizi ambayo haiwezi kuwekewa mipaka na sheria itakayotungwa kutokana na tangazo hilo?*

*A. Haki ya kuishi*
*B. Uhuru wa dini na imani*
*C. Haki ya kusikilizwa kwa haki mahakamani*
*D. Uhuru wa kutembea*

Mwongozo wa kusahihisha unasema C. Mimi nilichagua A bila kusita, na nusu ya kikundi vilevile. Haiingii akilini kwamba vita vikizuka serikali inaweza kugusa uhai wangu, ila haiwezi kugusa kesi yangu. Nani ananifafanulia?

Kitabu_Wazi

Jibu ni A, ndugu. Mwongozo umekosea. Haki ya kuishi haisitishwi popote duniani, hilo ni somo la kwanza. Mimi nimefanya mamia ya maswali ya namna hii mtandaoni na jibu huwa ni moja: uhai na uhuru wa mtu, pamoja na kinga dhidi ya kuadhibiwa kwa kosa ambalo halikuwa kosa ulipolitenda. Ukiona haki ya kuishi kati ya machaguo, weka alama uende swali lingine.

MzeeWaKorti

Kitabu_Wazi, unachokisema ni kweli, lakini ni kweli ya India. Wenyewe wana Kifungu cha 359, kinachomruhusu Rais kuzuia watu wasiende mahakamani kudai haki zao wakati wa hali ya hatari. Mwaka 1976 Mahakama ya Juu ya huko iliamua, majaji wanne dhidi ya mmoja, kwamba aliyewekwa kizuizini wakati huo hana mlango wa kubisha hata akidai uhuru wake umeporwa. Baada ya aibu hiyo wakarekebisha Katiba mwaka 1978 na kuvitoa vifungu vya 20 na 21 visiguswe tena. Maswali uliyoyafanya yametungwa juu ya historia hiyo. Ukiyaleta Kenya utakosa alama.

Kenya orodha iko Kifungu cha 25, na ina vitu vinne tu: kutoteswa wala kutendewa ukatili au kudhalilishwa, kutowekwa utumwani wala katika hali ya kitumwa, kusikilizwa kwa haki mahakamani, na amri ya mahakama ya kuletwa mbele yake mtu anayezuiliwa. Kifungu kinaanza kwa kusema kwamba hizi haziwekewi mipaka, hata kama kuna kifungu kingine chochote katika Katiba. Uhai haumo. Dini haimo. Kutembea hakumo. Kwa hiyo C.

Wakili_Mtarajiwa

Asante Mzee. Orodha nimeikariri sasa. Kinachonisumbua ni sababu. Waliotunga Katiba ya 2010 walisahau uhai?

MzeeWaKorti

Hawakusahau, waliujadili sana. Soma Kifungu cha 26(3): mtu hatanyimwa uhai kwa makusudi, *isipokuwa* kwa kadiri inavyoruhusiwa na Katiba hii au sheria nyingine iliyoandikwa. Kifungu chenyewe kimebeba mpaka ndani yake. Adhabu ya kifo bado iko kwenye vitabu vyetu vya sheria. Haki ambayo inaweza kupunguzwa na sheria siku ya kawaida huwezi kuiweka kwenye orodha ya zisizopunguzwa kamwe. Vifungu vingegongana.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni kesi ya Muruatetu, Mahakama ya Juu, Desemba 2017. Walalamishi walikuwa wamehukumiwa kifo kwa mauaji, na kifungu cha 204 cha Kanuni ya Adhabu kilimfunga jaji mikono: ukipatikana na hatia ya mauaji, ni kifo, hakuna kingine. Mahakama haikusema adhabu ya kifo ni haramu. Iliiacha. Ilichokivunja ni ule ulazima, kwa sababu mtu aliyekwisha kutiwa hatiani ana haki ya kusikizwa kuhusu adhabu yake, na jaji awe na nafasi ya kumsikia kweli. Ukimnyima hilo umeminya haki ya kusikilizwa, na hiyo imo Kifungu cha 25, haiminywi.

Sasa rudi kwenye swali lako. Katika hukumu hiyohiyo, uhai ulibaki kitu ambacho sheria inaweza kukiondoa, na kusikilizwa kukabaki kitu ambacho sheria haiwezi kukipunguza. Hilo ndilo linalokuonyesha kwamba C haikuwekwa kwa bahati.

DerevaWaUsiku

Nisameheni, mimi si mwanasheria ila hii mada imenigusa. Mnasema uhuru wa kutembea unaweza kuwekewa mipaka wakati wa hali ya hatari. Mwaka 2020 nilikuwa natoka kushusha mzigo, kafyu ikanikuta njiani dakika chache baada ya saa moja. Nilipigwa rungu na maafisa, mguu ukavimba wiki mbili, na barua ya kazi nilikuwa nayo mkononi. Ina maana walikuwa na ruhusa kwa sababu ilikuwa hali ya hatari?

Mwl_Rehema

Pole sana kaka. Hapana, hawakuwa na ruhusa, na kwanza haikuwa hali ya hatari. Kafyu iliyoanza Machi 27, 2020 ilitolewa chini ya sheria ya utulivu wa umma, Sura ya 56, siyo chini ya Kifungu cha 58. Ni amri ya kawaida inayopimwa kwa kipimo cha siku zote, kile cha Kifungu cha 24: kuna sheria inayoiruhusu, ina sababu ya msingi, haizidi kiasi. Aprili mwaka huohuo Mahakama Kuu ilikubali kwamba kafyu yenyewe ilikuwa halali, ikasema vilevile kwamba nguvu zilizotumiwa na polisi katika kuitekeleza zilivunja Katiba.

Nafundisha somo hili na kila mwaka wanafunzi wanalichanganya. Wanaona wanajeshi barabarani, kama Juni 2024, wanaandika "hali ya hatari". Wale walitumwa kwa Kifungu cha 241. Kama hakuna tangazo la Rais linalotaja hali ya hatari chini ya 132(4)(d) na 58, basi haipo, na swali la "haki zipi zinapunguzwa wakati wa hali ya hatari" halijaanza hata kujibiwa.

DerevaWaUsiku

Sawa mwalimu. Na kama ingekuwa hali ya hatari yenyewe?

MzeeWaKorti

Kijana wangu, rungu bado lingekuwa haramu. Wangeweza kukuzuia usitembee. Wangeweza pengine kukukamata. Kukupiga mtu aliyesimama na barua mkononi ni ukatili, na hiyo ni ya kwanza kabisa kwenye ile orodha ya vinne.

Tena kuna kitu watu wanakipita haraka: Kifungu cha 58(7). Kinakataza tangazo au sheria ya hali ya hatari kumpa yeyote kinga kwa kitendo kisicho halali. Kiliandikwa na watu wenye kumbukumbu. Mwaka 1970 Bunge letu lilipitisha Sheria ya Kinga, iliyofunika waliyoyatenda maafisa wa serikali huko Kaskazini Mashariki na maeneo jirani kuanzia Desemba 25, 1963 hadi Desemba 1, 1967. Familia zilizopoteza watu hazikuwa na pa kwenda. Leo sheria ya namna ile haiwezi kusimama. Ungekuwa na haki ya kushtaki.

Nasra_wa_Pwani

Mimi niko upande wa pili wa mpaka na nimechanganyikiwa. Sisi kwenye Katiba ya Jamhuri ya Muungano, Ibara ya 31 inataja waziwazi kwamba sheria inaweza kuruhusu hatua zinazokiuka Ibara za 14 na 15 wakati wa hali ya hatari. Ya 14 ni haki ya kuishi, ya 15 ni uhuru wa mtu binafsi. Mtihani wetu ungeuliza swali hili, A ingekuwa jibu la "inayoweza kukiukwa". Halafu Ibara ya 31(3) inarudi na kusema haki ya kuishi isinyang'anywe isipokuwa kwa kifo kilichotokana na vitendo vya kivita. Kwa hiyo kwetu wanataja zinazoguswa, kwenu mnataja zisizoguswa?

Mwl_Rehema

Umelishika vizuri dada Nasra. Ni njia mbili tofauti za kuandika jambo hilohilo. Yenu inataja mlango ulio wazi, yetu inataja milango minne iliyofungwa halafu inaweka masharti kwa mingine yote. Na yenu ina jambo moja la kuangaliwa kwa makini: Ibara hiyohiyo inazungumzia pia wakati wa kawaida, kwa watu wanaoaminika kuhatarisha usalama wa Taifa. Mtu asiisome kana kwamba ni ya vita tu.

Ndiyo sababu nawaambia wanafunzi wasome shina la swali mpaka waone jina la nchi, kabla ya kugusa machaguo.

Ila sasa naomba nimpinge Mzee kidogo, kwa heshima. Mimi hutunga mitihani, na swali hili nisingelipitisha. C ni sahihi, lakini A na B si makosa matupu. Kifungu cha 58(6) kinasema sheria ya hali ya hatari inaweza kuweka mipaka kwa kadiri tu inavyolazimu kabisa, *na* ikiwa inaafikiana na wajibu wa Jamhuri chini ya sheria za kimataifa zinazohusu hali ya hatari. Sehemu hiyo ya pili si pambo. Kenya ilijiunga na Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa mwaka 1972. Kifungu cha 4(2) cha Mkataba kina orodha yake ya haki ambazo nchi haiwezi kujivua hata taifa likiwa hatarini, na humo uhai upo, tena ndio wa kwanza kutajwa. Dhamiri na dini zimo pia.

Kitabu_Wazi

Nilisema mimi! A.

Mwl_Rehema

Subiri kaka, usishangilie mapema. Weka orodha hizi mbili kando kwa kando. Ya Katiba ina mateso, utumwa, kusikilizwa kwa haki, na amri ya kuletwa mahakamani. Ya Mkataba ina uhai, mateso, utumwa, kutofungwa jela kwa kushindwa kutimiza mkataba, kutoadhibiwa kwa sheria iliyotungwa baada ya kitendo, kutambuliwa kama mtu mbele ya sheria, na dhamiri na dini. Zinakutana moja kwa moja mahali pawili tu: mateso na utumwa. Hata ile ya kutoadhibiwa kwa sheria ya baadaye, kwetu imo ndani ya Kifungu cha 50, kwa hiyo inaingia kwa mlango wa nyuma kupitia kusikilizwa kwa haki.

Mkenya anayeishi chini ya hali ya hatari analindwa na orodha zote mbili kwa pamoja. Anayekariri Kifungu cha 25 peke yake anajua nusu ya ulinzi wake.

MzeeWaKorti

Mwalimu, hapo sikupingi kwa maudhui, nakupinga kwa swali. Swali linauliza haki isiyoweza *kuwekewa mipaka*. Mkataba unakataza kujivua wajibu, na hilo si sawa na kuweka mipaka. Kifungu cha 6 cha Mkataba kinakataza kunyimwa uhai kiholela, hakikatazi kila kifo. Kifungu cha 18 kinaruhusu sheria kupunguza namna mtu anavyoidhihirisha dini yake, kwa ajili ya usalama wa umma au afya. Kwa hiyo chini ya hali ya hatari Bunge linaweza kutunga sheria kwamba ibada za halaiki usiku zisimame katika eneo la mapigano. Hiyo ni mipaka, na si lazima ivunje Mkataba. Lisiloweza kufanya ni kusema watu wa dini fulani hawana tena haki ya kuamini wanachoamini.

Ukichukua neno la swali lilivyo, A inaweza kuwekewa mipaka, B kwa sehemu ya ibada inaweza, D ndiyo kabisa. C peke yake inakataa. Mwongozo uko sawa.

Mwl_Rehema

Na ungeandika "kusitishwa"?

MzeeWaKorti

Ningeandika "kusitishwa", basi A, B na C zote zingekuwa sahihi na swali lingekufa. Hapo tunakubaliana.

Tena neno lenyewe "kusitisha" halistahili kuwa kwenye swali la Kenya. Kifungu cha 58 hakisitishi haki yoyote. Kinaruhusu mipaka, kwa kadiri inayolazimu, kwa sheria iliyochapishwa kwanza katika Gazeti Rasmi. Tangazo la Rais peke yake halipunguzi hata haki moja. Linafungua mlango wa sheria kutungwa, basi.

Wakili_Mtarajiwa

Hili la mwisho sikulijua kabisa. Nilidhani Rais akishatangaza, haki zinapungua papo hapo. Naomba niulize la muda pia, maana huja mara nyingi kwenye machaguo: siku 14, siku 21, miezi miwili, miezi sita.

Mwl_Rehema

Chukua mfano. Rais anatangaza leo. Tangazo halirudi nyuma, haliwezi kuhalalisha lililotendwa juzi. Linadumu siku zisizozidi 14. Kuliongeza ni kazi ya Bunge la Kitaifa, baada ya mjadala wa wazi, na kila nyongeza haizidi miezi miwili. Nyongeza ya kwanza inahitaji theluthi mbili ya wabunge wote. Zinazofuata zinahitaji robo tatu. Kwa wabunge 349 hiyo ni kura 233 kwanza, kisha 262.

Mtego wa machaguo ni "theluthi mbili ya waliohudhuria". Ni ya wote. Mbunge aliyebaki nyumbani anahesabika kama aliyekataa. Na angalieni kwamba kura zinazotakiwa huongezeka kadiri hali ya hatari inavyorefuka.

Kitabu_Wazi

Nimekubali kwenye A. Lakini nina swali langu. Kukamatwa: Kifungu cha 49 kinataka mtu afikishwe mahakamani ndani ya saa 24. Mzee amesema amri ya kuletwa mahakamani haiguswi. Kwa hiyo saa 24 nazo haziguswi, si ndiyo?

MzeeWaKorti

Hapo ndipo watu wengi wanapotegwa, na umeuliza vizuri. Ni vitu viwili. Saa 24 ni wajibu wa polisi: wakuleta wenyewe bila kuombwa. Amri ya kuletwa ni silaha ya familia au wakili wako: wanakwenda kwa jaji, jaji anawaamuru waliokushika wakulete na waeleze kwa nini wanakushika. Ya pili imo Kifungu cha 25. Ya kwanza haimo.

Kwa hiyo sheria ya hali ya hatari inaweza kusema mtu azuiliwe, tuseme, siku saba kabla ya kufikishwa. Itabidi ionyeshe kwamba siku saba zinalazimu kabisa. Lakini siku ya pili mkeo akienda Mahakama Kuu kuomba uletwe, mlango huo hauwezi kufungwa. Jaji atauliza uko wapi, uko hai, na unashikwa kwa sheria gani.

Nasra_wa_Pwani

Lakini Mzee, je, mtu akikaa siku saba bila wakili, akihojiwa, kesi yake baadaye itakuwa imesikilizwa kwa haki? Si kusikilizwa kunaanza pale alipokamatwa?

MzeeWaKorti

Hoja nzito hiyo, dada. Wako mawakili watakaosema hivyo, kwamba Kifungu cha 49 na cha 50 huwezi kuvitenganisha kwa kisu, na kwamba ukikandamiza cha kwanza umekiharibu cha pili. Wengine watasema Katiba ingetaka 49 isiguswe ingeitaja. Na kweli Kifungu cha 24(5) kinaitaja 49 miongoni mwa haki zinazoweza kupunguzwa kwa wanajeshi na polisi, ila 50 hakikitaji. Mimi naegemea upande wa pili kwa saa 24, na upande wako kwa kunyimwa wakili wakati wa mahojiano. Kifungu cha 58(5) kinaipa Mahakama ya Juu uwezo wa kupima tangazo, nyongeza na kila sheria inayotokana nalo, lakini 58 haijawahi kutumika tangu 2010, kwa hiyo hakuna hukumu ya kutukata kiu.

Mwl_Rehema

Mimi nitasema wazi sikubaliani na Mzee hata kwa saa 24, kwa sababu mateso hutokea katika siku ambazo hakuna anayejua uko wapi. Lakini nisingeliweka jambo hili kwenye swali la kuchagua. Ni swali la insha.

Wakili_Mtarajiwa, jaribu hili, nimelitunga sasa hivi, shina ni lilelile la kwako:

*A. Kutofanyishwa kazi kwa kulazimishwa*
*B. Kutowekwa katika hali ya kitumwa*
*C. Kuachiliwa kwa dhamana*
*D. Faragha ya mawasiliano*

Wakili_Mtarajiwa

B. Kifungu cha 30 kinakataza utumwa na kazi ya kulazimishwa pamoja, lakini 25 imechukua utumwa na hali ya kitumwa tu. Kazi ya kulazimishwa imeachwa nje. Kwa hiyo serikali inaweza kuwalazimisha watu kujenga tuta mafuriko yakija?

Mwl_Rehema

Sahihi. Na ndiyo, kwa sheria, kwa kadiri inayolazimu. Mkataba nao unakubali huduma ya lazima wakati wa dharura au janga linalotishia uhai wa jamii, kwa hiyo hapa orodha zote mbili zinakubaliana na swali halina utata.

DerevaWaUsiku

Mwalimu, hiyo kesi ya polisi bado naweza kuipeleka, au miaka imepita sana?

MzeeWaKorti

Niandikie faragha, kijana wangu. Beba cheti cha hospitali na ile barua ya kazi kama bado unayo. Madai ya kuvunjwa kwa haki za Katiba hayapimwi kwa muda uleule wa madai ya kawaida, ila jaji atataka kujua kwa nini ulikaa kimya, na hilo tutalizungumza.